Likiwa letu, nasi tuwepo

Kila ifikapo tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, huonekana mabango yenye maneno haya: "Hakuna Chochote Kuhusu Sisi Bila Sisi". Wengine huongeza mkia, "Kushirikishwa", kwa kuhisi kwamba kuna kitu kimepungua, na katika hilo hisia zao haziwadanganyi. Kilichopungua ni Kiswahili. Maneno yote sita ni ya kwetu, lakini mpangilio wake ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Nimelisema jambo hili kwa adabu katika vikao kadhaa nikajibiwa kwamba tafsiri hiyo "imeshapitishwa". Imepitishwa na nani na mbele ya nani, sikuambiwa.

Kaulimbiu yenyewe ina nasaba ndefu, na wanaoitafsiri wangefaa kuijua. Mwaka 1505 bunge la Poland lililoketi Radom lilimfunga mfalme mikono: asitunge sheria mpya bila ridhaa ya mabaraza yote mawili. Fikra hiyo ikabaki katika siasa za Ulaya ya Mashariki, kwa Kilatini na kwa Kipolandi, katika fungu fupi la maneno ambamo "sisi" hutajwa mara mbili. Mwaka 1993, huko Afrika Kusini, mwandishi Mmarekani James Charlton aliisikia kutoka kwa Michael Masutha na William Rowland, viongozi wa harakati za watu wenye ulemavu, kila mmoja kwa wakati wake. Wao walikuwa wameisikia kwa mjumbe wa Ulaya ya Mashariki katika mkutano wa kimataifa. Charlton akaifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1998, na mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ukaiteua kuwa ujumbe wa Siku hiyo ya tarehe 3 Desemba. Basi Kiingereza nacho ni kituo tu katika safari yake. Sioni kwa nini sisi tuipokee kwa kupiga magoti, kana kwamba ilizaliwa hapo.

Tuanze na "hakuna". Kaulimbiu ya Kiingereza, "Nothing About Us Without Us", haina kitenzi hata kimoja. Msikilizaji ndiye anayejaza pengo, na kwa kuwa ameisikia barabarani kwa sauti za watu wenye madai, hulijaza kwa agizo: lisifanywe lolote. "Hakuna" ya Kiswahili haimwachii nafasi hiyo. Inatoa taarifa, kama mtu anaposema hakuna sukari au hakuna maji. Kwa hiyo bango linamtangazia mpita njia kwamba hakuna jambo la watu wenye ulemavu linalofanyika bila wao. Kama hilo lingekuwa kweli, kusingekuwa na haja ya kuandamana. Kwa neno moja tu, dai limegeuka kuwa ripoti, na ripoti yenyewe ni ya uongo.

Linafuata "kuhusu". Kitenzi husu tumekipata kwa Waarabu, kutoka katika mzizi uliotuzalia pia hasa, hususan na mahususi. Ukoo mzima una maana ya kumhusu mtu fulani kipekee, kuwa fungu lake. Ndiyo maana Mswahili wa zamani akisema "hilo halikuhusu" alikuwa anakunyima haki ya kuliingilia. Katika lugha ya ofisini husu imechuja, imekuwa kibandiko cha mada: mkutano kuhusu maji, barua kuhusu likizo. "Kuhusu sisi", kwa hiyo, hutufanya mada ya mkutano wa watu wengine, nayo ndiyo hali ambayo kaulimbiu inaikataa.

Kiswahili kina njia ya zamani na nyepesi zaidi ya kutaja jambo lenye mwenyewe. Hulificha neno "jambo" au "neno" na kuacha upatanisho wake uzungumze: langu, lako, letu. Lisemwalo lipo. La kuvunda halina ubani. Hakuna anayeuliza ni nini hilo lisemwalo. Li- imeshabeba. Aliyeandika "chochote kuhusu sisi" alitumia mizani 8 kutafuta kitu ambacho "letu" inakisema kwa mizani 2, na juu ya hayo letu inatamka umiliki. Jambo si la kutuhusu tu. Ni mali yetu.

Mzigo wa tatu ni "sisi" mara mbili. Kiingereza hakina budi kutaja nafsi kwa neno linalosimama peke yake. Kiswahili huipachika nafsi popote: mwanzoni mwa kitenzi, katikati yake, mwishoni mwa na. Sisi inaposimama peke yake ni ya mkazo, ya kujitofautisha: sisi, wala si ninyi. Mkazo ukirudiwa ndani ya sentensi moja unajifuta wenyewe.

Neno kaulimbiu lilitosha kuwaonya wapitishaji. Kauli ni usemi, na asili yake ni Kiarabu. Mbiu ni pembe iliyopulizwa kuwaita watu wasikilize tangazo, na kwa sababu hiyo tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kauli isiyopulizika basi si kaulimbiu. Kiingereza chake kina mizani 8 na vipande viwili vinavyogonga kwa mkazo ule ule. Tafsiri iliyopitishwa ina mizani 15, na ukiongeza "kushirikishwa" zinakuwa 20. Nimetembea nyuma ya bango hilo. Kijana mwenye kipaza sauti alipaza "Hakuna chochote kuhusu sisi", akanyamaza ili waandamanaji waitikie. Nusu yao waliitikia "bila sisi", wengine walirudia sentensi nzima tangu mwanzo, na mama mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akaanzisha pambio lake la kanisani. Watu wakamfuata yeye. Hawakuwa wasahaulifu. Sentensi haikuwa na mahali pa kuitikia.

Wapinzani wangu, ambao siwataji kwa sababu wanajijua, wameleta mbadala wao. Wa kwanza wanasema: "Msituamulie bila kutushirikisha". Hapa angalau kuna agizo. Lakini tazama kitenzi. Shiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Shirikishwa ni kupewa fungu hilo na mtu mwingine, ambaye anaweza kulipunguza au kulinyima. Anayeshirikishwa amealikwa, na mwalikwa hana kikao. Neno hilo lina mahali pake katika sheria. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 4 kifungu cha 3, unazitaka serikali zishauriane nao kwa karibu na kuwashirikisha kikamilifu, na hapo ni sawa, kwa kuwa anayeagizwa ni serikali. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mwandamanaji lakini si serikali. Hawezi kutumia kitenzi ambacho mtendaji wake ni yule anayemlalamikia.

Wa pili wanajiona weledi wa methali, nao wanapendekeza tutumie "Asiyekuwepo na lake halipo" tuishie hapo. Methali ni nzuri, na "lake" yake ndiyo ile li- niliyoisifu. Ila inamlaumu asiyekuwepo. Ikiwa kikao kimewekwa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, au hakuna mkalimani wa lugha ya alama, hakukosekana kwa hiari yake. Kumwimbia methali hiyo ni kumtwisha kosa la aliyepanga kikao.

Mimi nimeichukua methali hiyo nikaigeuza iwe dai: "Likiwa letu, nasi tuwepo". Ni mizani 5 kwa 5. Mkazo wa mwisho katika kila kipande unaangukia mizani ya nne, le- ya letu na we- ya tuwepo, kwa irabu ile ile. Kiongozi anatoa kipande cha kwanza, umati unajibu cha pili, na koma inaonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Nafsi ya sisi inasikika katika kila kipande, kama katika Kiingereza, ila imevaa sura tatu: -etu, nasi, tu-. Na "nasi" inabeba maana mbili kwa mpigo mmoja: sisi pia, na pamoja nasi. Hiyo ni faida ambayo asili ya Kiingereza haina.

Nimeulizwa kwa nini si "tuwemo". Kiswahili hutofautisha -po, -ko na -mo. Mo ni ndani. Tumekuwemo siku nyingi sana: tumo kwenye takwimu, tumo kwenye utangulizi wa ripoti, tumo kwenye picha ya jalada. Po ni mahali mahususi, pale pale, na pale panapodaiwa ni mezani jambo linapoamuliwa. Nao wanaoshikilia kwamba ni kuwapo wala si kuwepo wapumzike. E ya tuwepo ni ya dhamira tegemezi, tuwe, kabla ya po. Katika hili hata wao hawana namna nyingine ya kuliandika.

Hoja moja naiheshimu. Mwenye nayo alisema mtu anaweza kuwepo akanyamazishwa, kwa hiyo afadhali "nasi tuamue". Ni kweli kwamba kuwepo si kuamua. Lakini "tuamue" inaongeza mizani na kuvunja uwiano, na tena inadai zaidi ya asili yake, kwani Wapolandi walitaka ridhaa yao iwepo, hawakumvua mfalme taji. Mbiu huita watu. Kufunga ni kazi ya sheria. Tanzania ina sheria yake, Na. 9 ya mwaka 2010, na huko ndiko pa kudai kura na saini.

Kielelezo cha namna ya kufanya tunacho nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya afya nchini Tanzania, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliitwa "Mtu ni Afya". Kajaribu kuifasiri neno kwa neno kwenda Kiingereza uone inavyochekesha. Ilifaa kwa sababu waliotunga walianza na Kiswahili, na kwa mizani 5 tu kila mtu alijua wito ni upi.

Kuhusu matumizi: iandikwe na koma yake, kwenye bango na kwenye fulana. Katika nyaraka za kisheria litumike fungu la mkataba. Viziwi wataamua wenyewe namna ya kuisema kwa lugha ya alama, na hilo sitawaamulia. Walioipitisha tafsiri ile wakiona nimekosea, walete yao yenye mizani 10 au pungufu, inayodai badala ya kutaarifu, isomwe kwa sauti mbele ya wenye jambo kabla ya kupitishwa. Mpaka sasa hata hatua hiyo moja haijafanyika, na kwa kaulimbiu hii kuliko nyingine yoyote, hiyo ni aibu.