Kutengana kwa visikilizi vya Bluetooth

Kutengana kwa visikilizi vya Bluetooth ni hitilafu inayotokea pale visikilizi viwili vya masikioni visivyo na waya vinapopoteza mawasiliano kati yao, hata kimoja kikaendelea kutoa sauti na kingine kikanyamaza. Mara nyingi kisikilizi kilichonyamaza si kibovu. Betri yake na spika yake ni nzima, ila hakimtambui tena mwenzake. Asiyejua hivyo huweza kutupa jozi ambayo ingerudi kufanya kazi kwa dakika chache bila gharama yoyote.

Namna visikilizi vinavyoshirikiana

Katika hedifoni ya waya, masikio yote mawili hupata sauti kutoka simu moja kwa moja. Visikilizi visivyo na waya ni tofauti. Njia ya Bluetooth iliyozoeleka kwa kupelekea muziki ilibuniwa kwa chombo kimoja kinachotuma na kimoja kinachopokea. Kwa hiyo simu huona kifaa kimoja tu, ingawa masikioni mna viwili.

Watengenezaji walilitatua jambo hilo kwa kumpa kisikilizi kimoja kazi ya kuwa mkuu. Simu huunganishwa na kisikilizi kikuu, nacho hupokea sauti ya pande zote mbili na kumpelekea mwenzake sehemu yake. Katika miundo mingine kisikilizi cha pili hakingoji kupelekewa, bali husikiliza mawimbi yaleyale ya simu kwa kutumia maelezo na ufunguo wa siri aliopewa na mkuu. Kwa vyovyote vile, kuna viungo viwili: kimoja kati ya simu na kisikilizi kikuu, na kingine kati ya visikilizi vyenyewe. Kiungo cha pili hakionekani kwenye skrini ya simu, na ndicho kinachokatika katika hitilafu hii.

Kukatika kwa muda na kusahauliana

Hali mbili hufanana masikioni lakini si kitu kimoja. Ya kwanza ni sauti ya upande mmoja kukatika kwa sekunde chache kisha kurudi. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hufyonzwa sana na maji, na kichwa cha binadamu kina maji mengi. Chumbani mawimbi hugonga kuta na dari yakalifikia sikio la pili kwa kuzunguka. Uwanjani hakuna cha kuyarudisha, ndiyo maana mtu anayetembea mahali pa wazi huweza kusikia upande mmoja ukikatika-katika ilhali nyumbani haukatiki. Hapo hakuna cha kutengeneza. Kuhamisha simu hadi mfuko wa upande wa kisikilizi kikuu husaidia.

Hali ya pili ni ya kudumu: visikilizi vimesahauliana. Kila kimoja huhifadhi anwani ya mwenzake, na kumbukumbu hiyo ikivurugika, kila kimoja hujiona kiko peke yake na kuanza kuitafuta simu. Chanzo cha kawaida ni kisanduku cha kuchajia. Vumbi au nta ya sikio ikifunika vidoa vya chuma, kisikilizi kimoja hakichaji, kikazimika kabisa, na mwenzake akawaka bila yeye. Chanzo kingine ni mtumiaji kubonyeza kitufe kwa muda mrefu mno akakiingiza kisikilizi kimoja katika hali ya kuoanishwa upya. Masasisho ya programu yaliyoingia upande mmoja tu nayo huweza kuleta tatizo hilo.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni majina mawili katika orodha ya Bluetooth ya simu, mahali palipokuwa na jina moja.

Kuhakikisha kwanza

Kabla ya kufuta chochote, kisikilizi kilichonyamaza hujaribiwa peke yake. Mwenzake huwekwa kisandukuni, kisha simu huunganishwa na kile kilichonyamaza. Kikitoa sauti, spika ni nzima na tatizo ni kiungo. Kisipotoa sauti ingawa simu inaonyesha kimeunganishwa, kinachoangaliwa ni wavu wa spika ulioziba kwa nta, pamoja na mpangilio wa simu unaogawa sauti kushoto na kulia, ambao huenda umesogezwa upande mmoja. Kisipowaka taa hata kikiwekwa kisandukuni, tatizo ni chaji. Vidoa vya chuma husafishwa kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, vikaachwa vikauke, na kisikilizi kikachajiwa tena. Kwa jozi mpya hukaguliwa pia kama karatasi nyembamba ya nailoni iliyofunika vidoa hivyo imeondolewa.

Mfano: Redmi AirDots

Redmi AirDots, vilivyotolewa na kampuni ya Xiaomi ya China mwaka 2019, vinaonyesha hitilafu hii vizuri kwa kuwa kila kisikilizi kina kitufe chake cha kubonyeza. Vikiwa pamoja, simu huonyesha `Redmi AirDots_R` pekee. Vikitengana, `Redmi AirDots_L` hujitokeza pia. Mtumiaji huvutiwa kuyaunganisha majina yote mawili, lakini kwa kawaida simu hupeleka muziki kwa kimoja tu, na ukimya huhamia sikio jingine.

Utaratibu wa kuvirudisha pamoja una mpangilio ambao haufai kugeuzwa. Kwanza majina yote mawili hufutwa katika simu kwa kuchagua `Forget` au neno linalolingana nalo, kisha Bluetooth ya simu huzimwa. Hatua hii ya kuzima ndiyo wengi huiruka. Simu ikiachwa wazi, huweza kukinasa kisikilizi kimoja mara kinapowaka, kabla hakijampata mwenzake, na kazi yote ikawa bure. Inafaa kuzima pia simu au kompyuta nyingine iliyowahi kuunganishwa navyo.

Baada ya hapo visikilizi vyote viwili hutolewa kisandukuni na kuzimwa kwa vitufe vyao. Vikiwa vimezimika, vitufe vyote viwili hubonyezwa na kushikiliwa kwa takriban sekunde 15, hadi taa nyekundu na nyeupe zionekane zikipishana. Hapo kumbukumbu ya zamani imefutwa. Vyote hurudishwa kisandukuni, kisha hutolewa kwa pamoja na kuachwa karibu karibu. Vikikutana, taa ya kimoja huacha kumeta na ya kingine huendelea kuingoja simu. Taa zote mbili zikiendelea kumeta vilevile, havijakutana, na ufutaji hurudiwa. Bluetooth ya simu huwashwa mwisho kabisa, na safari hii jina moja tu ndilo linaloonekana.

Kufuta jina katika simu pekee hakutoshi, kwa sababu kunakata kiungo cha simu na kukiacha kile cha visikilizi kama kilivyo.

Aina nyingine hutofautiana kwa vitufe. AirPods za Apple zenye kitufe nyuma ya kisanduku hufutwa kwa kukishikilia kwa takriban sekunde 15 vikiwa ndani na kifuniko kikiwa wazi. Vingine hupapaswa badala ya kubonyezwa, na idadi ya miguso hutajwa katika kijitabu chake.

Mipaka

Kisikilizi kimoja kilichopotea hakiwezi kuzibwa kwa chochote kinachofanana nacho kwa umbo. Lazima kiwe cha muundo na toleo lilelile, cha upande uliopotea, na mara nyingine chenye toleo lilelile la programu. La sivyo, utaratibu wa hapo juu hautavikutanisha. Muuzaji wa kisikilizi kimoja kimoja huombwa akioanishe na kile kilichobaki kabla ya fedha kutolewa.

Januari 2020 shirika linalosimamia viwango vya Bluetooth lilitangaza mfumo wa LE Audio, unaoiwezesha simu kupeleka sauti kwa kila sikio kwa njia yake. Ni lazima simu na visikilizi vyote viwe na mfumo huo. Simu isiyo nao huendelea kutumia njia ya kisikilizi kikuu.