Taipureta ilivyotuachia pambizo zisizotufaa

Wadau, shika taarifa yoyote ya halmashauri, iwe ya Mbulu au ya Hanang. A4, pambizo inchi 1 kila upande, Times New Roman saizi 12, mistari imebanana. Ukifika ukurasa wa tatu macho yameshachoka. Wengi tunalaumu Kiswahili cha ofisini, lakini tatizo lina historia yake.

Zamani, hata kabla Manyara haijamegwa kutoka Arusha mwaka 2002, taarifa zilipigwa kwa taipureta. Taipureta ya kawaida huipa kila herufi upana uleule, herufi 10 kwa inchi. Kwa pambizo zile, mstari wa inchi 6 na robo ulibeba herufi 62 hivi. Jicho linapenda 60 hadi 75, kwa hiyo pambizo zilifaa.

Times New Roman ilizaliwa kwingine. Gazeti la The Times la London lilianza kuitumia mwaka 1932, na ilichongwa nyembamba ili maneno mengi yaenee kwenye safu finyu za gazeti. Kompyuta zilipofika maofisini tulichukua herufi ya gazeti tukaiweka kwenye pambizo za taipureta. Mstari uleule sasa unabeba herufi 85 hadi 90.

Hasara yake? Tuchukue taarifa ya kata kuhusu maporomoko ya Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023. Msomaji anamaliza mstari, jicho linarudi kushoto, linatua kwenye mstari uleule au linaruka mmoja. Mstari ulioruka ndio uliotaja kaya zisizo na makazi.

Dawa ni kupunguza mstari hadi sentimita 13, yaani pambizo sentimita 4 kila upande. Utapata herufi 70 hivi. Kisha ongeza nafasi kati ya mistari. Wapanga chapa wa zamani walichomeka vipande vyembamba vya risasi. Wewe kwenye Word chagua `Line spacing`, `Exactly`, `16 pt`. `Single` hukupa karibu 14 tu, na mstari ukizidi kuwa mrefu ndivyo unavyodai nafasi zaidi.

Nafasi kati ya herufi usiiguse. Kiswahili kina maneno marefu kama "waliohamishwa", hivyo ukinyoosha kingo zote mbili, mapengo meupe hutokea katikati ya mstari, na wengine huyaziba kwa kutawanya herufi. Neno likishatawanyika, jicho hulisoma herufi kwa herufi. Nyoosha kushoto tu. Vichwa vya HERUFI KUBWA ndivyo vinavyohitaji kuachanishwa kidogo, pointi moja inatosha.

Gharama ipo: kurasa 20 zitakuwa kama 28, na mhasibu ataguna. Mwambie ahesabu herufi za mistari mitano, atafute wastani. Ukipita 80, mwulize nani aliimaliza taarifa iliyopita.