Mtumwa Aliyegeuka Mwanamume Njiani

Mwaka 1903 kilichapishwa huko Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililo juu ya jalada ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, lakini sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kusaidia kufundisha lugha yake. Mwaka huohuo wa 1903 Velten alitoa tafsiri ya Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981. Kwa miaka mingi sasa, mtafiti asiyejua Kiswahili akitaka kujua watu wa pwani waliishije kabla ya Mjerumani na mwanzoni mwa utawala wake, hufungua mojawapo ya tafsiri hizo.

Hapo ndipo pana swali ambalo halizungumzwi sana. Kitabu kama hiki kinaeleza kila mtu afanyavyo: mtoto, mgonjwa, mganga, mwenye pepo, mdeni, mtumwa. Kiswahili kinawataja wote kwa "a" moja tu. Alikuja, alikimbia, alikufa. Ni mume au ni mke? Kitenzi hakisemi, na "yeye" naye hasemi. Kiingereza na Kifaransa vinadai jibu kabla sentensi haijaenda mbali. Mfasiri asipokuwa na jibu, analitunga, na mara nyingi analitunga la kiume bila hata kujua kwamba ametunga.

Hebu tuchukue mtumwa, maana kwake ndiko hasara ilipo kubwa. Nitaandika mfano wangu mwenyewe kwa mtindo wa maelezo ya desturi ya zama hizo, ili nisimsukumie mtu kosa:

"Mjinga akifika pwani hupewa jina jipya. Huvishwa nguo, akafundishwa kusema Kiswahili. Akizoea mji, bwana wake humwoza."

Mjinga hapa si mpumbavu. Ni mtumwa mgeni aliyetoka bara na bado hajui mji, tofauti na mzalia, aliyezaliwa utumwani hukuhuku pwani. Sasa fasiri sentensi hizo kwa Kiingereza cha kawaida, neno kwa neno. Utajikuta umeandika "he" au "his" au "him" mara tano. Katika Kiswahili, mtu pekee ambaye jinsia yake imetajwa ni mwenye mali, kwa sababu ameitwa bwana na hakuitwa bibi. Mtumwa hakutajwa. Lakini msomaji wa Kiingereza amekwisha kumwona kijana wa kiume akishushwa jahazini.

Je, ni jambo dogo? Mwaka 1983 Claire Robertson na Martin Klein walitoa kitabu kuhusu wanawake na utumwa barani Afrika, wakitoa hoja kwamba watumwa wengi waliobaki ndani ya Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wanawake. Hoja hiyo iliwashtua wengi, kwa kuwa picha ya mtumwa vichwani mwao ilikuwa ya mwanamume. Picha kama hiyo ina vyanzo vingi, na tafsiri haikosi kuchangia. Mtafiti anayehesabu wanawake katika maandishi yaliyofasiriwa, ambamo kila "mtumwa" amekuwa "he", atapata hesabu ya mfasiri, wala si ya Waswahili.

Basi mfasiri afanye nini? Kwanza asome kama mpelelezi. Kiswahili hakina jinsia katika kiwakilishi, lakini kinayo kwingine, na wakati mwingine kimeificha ndani ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Anayekaa eda ni mwanamke. Mjakazi ni mtumwa wa kike, suria vilevile. Ukikuta kurasa mbili mbele kwamba yuleyule mjinga "akaolewa na mzalia", kazi imekwisha: ni mwanamke, na unaweza kurudi nyuma ukaandika "she" kwa moyo mkunjufu. Lakini ukikuta "humwoza" peke yake, kama katika mfano wetu, bado hujapata kitu. Bwana alimwoza mjakazi wake kwa mume, na alimwoza mtumwa wake wa kiume mke. Ingeandikwa "humwoza mke", tungejua. Neno moja tu linatutenga na jibu, na neno hilo halipo.

Majina husaidia, ila kwa tahadhari. Mabruki ni mwanamume. Baraka au Furaha anaweza kuwa yeyote. Neno "mwana" lina mtego wake: "mwana wa fulani" wengi hulikimbiza kwenye mtoto wa kiume, ilhali ni mtoto tu. Na pwani ya kaskazini "Mwana" mbele ya jina ni heshima ya bibi, kama alivyoitwa Mwana Kupona, mwanamke aliyetunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858.

Kazi ya mtu si ushahidi hata kidogo. Mganga, mpishi, dobi, mkulima: hapa ndipo mfasiri anapojaza pengo kwa mazoea ya kwao. Mganga anakuwa mzee mwanamume mwenye ndevu, na yule mwenye pepo anakuwa mwanamke, eti kwa sababu ndivyo "inavyojulikana". Huenda ni kweli katika tukio fulani. Lakini kama maandishi hayakusema, aliyesema ni mfasiri.

Ushahidi ukikosekana, inabaki ufundi wa kuandika. Kwa sentensi za desturi njia ni nyepesi: tia kila kitu katika wingi. "Wajinga wakifika pwani hupewa majina mapya." Kiwakilishi cha wingi cha Kiingereza hakina jinsia, na maana haikuharibika kwa sababu desturi ni ya wote. Kifaransa hakikubali msaada huo, kwani hata wingi wake una "ils" na "elles".

Ugumu unakuja panaposimuliwa habari ya mtu mmoja. Tazama huu, nao ni wa kwangu:

"Mzalia wa Fulani alitoroka, akaenda bara, akafika Unyanyembe, akaugua, akafa huko. Wenzake wakamzika, na vitu vyake vikachukuliwa na bwana wake."

Huwezi kumfanya mtu mmoja kuwa wengi. Lakini angalia ile "ka" inavyovifunga vitenzi vitano kama shanga katika uzi mmoja. Kiingereza nacho kinaweza kutaja mtenda mara moja kisha kikapanga vitenzi nyuma yake: alitoroka, kwenda, kufika, kuugua na kufa, bila kiwakilishi hata kimoja. Anayekata mnyororo huo kuwa sentensi fupi tano ndiye anayejitafutia "he" nne za bure. Yaani kufuata mwendo wa Kiswahili kunamwokoa mfasiri.

Wengine watasema, kwani si kuna "they" ya mtu mmoja? Ipo, na ni ya zamani katika Kiingereza. Hapa lakini itatuangusha kwenye sentensi ya pili. "Wenzake wakamzika" itatoa watu wasiojulikana waliozika watu wasiojulikana, na msomaji atadhani waliokufa ni wengi. Afadhali kurudia nomino: wenzake walimzika mtoro. Na kwa "vitu vyake" na "bwana wake", Kiingereza kinataka "his" au "her", hivyo andika tu kwamba vitu vilichukuliwa na bwana. Hakuna kilichopotea, kwa kuwa msomaji anajua ni vitu vya nani.

Kifaransa mitego yake imetegwa mahali pengine kabisa. Hapo "vitu vyake" na "bwana wake" havina tabu, kwa sababu kimilikishi cha Kifaransa hufuata jinsia ya kitu kinachomilikiwa na hakijali mwenyewe ni nani. "Lui" ya kupewa au kuambiwa nayo haitaji jinsia. Balaa liko kwenye vitenzi. Ukitumia wakati uliopita wa mazungumzo ya kila siku, kwenda, kufika na kufa vyote huchukua alama ya jinsia: "mort" kwa mwanamume, "morte" kwa mwanamke, na tofauti hiyo inasikika hata masikioni. Ukitumia wakati uliopita wa masimulizi, ule wa vitabuni, alama hiyo haipo: "mourut" ni ya yeyote. Hata namna ya kumwita mhusika ina njia yake. "Un esclave" au "une esclave" inakulazimisha kuchagua, lakini "l'esclave de Fulani" imemeza irabu na imemeza jinsia pamoja nayo. Na neno "personne" ni la kike kisarufi tu: likifuatwa na "elle", Mfaransa haelewi kwamba ametajiwa mwanamke.

Kwa hiyo hakuna dawa moja ya lugha zote mbili. Kile ambacho Kiingereza kinakifichua, Kifaransa kinakificha, na kinyume chake. Mfasiri anayefanya kazi ya Kifaransa kwa kutazama tafsiri ya Kiingereza, kama inavyotokea mara nyingi, atarithi "he" za mwenzake na kuzifanya vitenzi vya kiume, na baada ya hapo hakuna atakayejua jinsia hiyo iliingilia wapi.

Kuna upande wa pili ambao lazima tuuseme. Kunyamaza kwa Kiswahili si mara zote maana yake "yeyote". Mara nyingine mwandishi hakusema kwa sababu wasomaji wake walijua. Aliyeandika "akaolewa" amekwisha kusema mwanamke, na mfasiri anayeandika kwamba mtu huyo "aliingia katika ndoa", eti asipendelee upande, naye ametunga: amemfuta mwanamke aliyekuwapo, na amefuta pia kwamba kuolewa ni kufanyiwa. Kuficha kilichosemwa na kusema kilichofichwa ni kosa lilelile.

Kipimo chake ni cha kalamu nyekundu. Tafsiri ikiisha, pigia mstari kila "he", kila "she", kila kitenzi cha Kifaransa chenye alama ya jinsia. Kisha rudi kwenye Kiswahili uulize kila mstari: ni neno gani lililokuruhusu? Kuolewa? Mjakazi? Jina? Palipo na neno, acha. Pasipo na neno, sentensi iandikwe upya. Na inaposhindikana kabisa, kwa sababu kila njia imegeuka kuwa Kiingereza cha kuchechemea, chagua, halafu useme chini ya ukurasa kwamba umechagua. Mstari mmoja unatosha: asili haitaji jinsia ya mtu huyu. Mtafiti atakayekuja miaka hamsini baadaye kuhesabu watoro wa Unyanyembe atajua kwamba mmoja wao asihesabiwe upande wowote.