Saa kumi za sanaa: Namna kazi za vitendo za GCSE zinavyokusanywa na kuthibitishwa kabla ya mitihani ya Mei

Mitihani ya maandishi ya GCSE nchini Uingereza huanza mwezi Mei, lakini kwa mtahiniwa wa Sanaa na Ubunifu sehemu kubwa ya matokeo huwa imekwisha kuamuliwa kabla ya siku hiyo. Somo hilo halina karatasi ya maandishi kabisa. Asilimia 60 ya alama hutokana na potfolio, yaani mkusanyiko wa kazi alizozifanya katika kipindi chote cha masomo, na asilimia 40 hutokana na kazi moja inayotolewa na bodi ya mitihani. Katika Muziki, uimbaji au upigaji wa ala huchukua asilimia 30, utunzi asilimia 30, na mtihani wa kusikiliza na kuandika hubakiwa na asilimia 40. Huo ndio mgawanyo wa bodi za AQA na Pearson, ambazo hutahini chini ya usimamizi wa mdhibiti wa serikali, Ofqual.

Kwa mzazi aliyezoea mtihani wa siku moja, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili walio na watoto katika shule za huko, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tarehe inayoamua mambo ni ile ya Januari. Kuanzia tarehe 2 mwezi huo, watahiniwa wa AQA hukabidhiwa karatasi yenye mada saba, na kila mmoja huchagua moja. Karatasi hiyo si siri, wala mtahiniwa hafungiwi chumbani nayo. Huenda nayo nyumbani, huchora michoro ya majaribio, hupiga picha, hutazama kazi za wasanii wengine na kuandika maelezo mafupi pembeni mwa kurasa zake. Kipindi hicho cha maandalizi huendelea kwa wiki kadhaa, na shule ndiyo hupanga siku ya kukifunga.

Baada ya hapo huja saa 10 za usimamizi. Katika saa hizo mtahiniwa hutengeneza kazi ya mwisho bila kusaidiwa, katika mazingira ya mtihani. Shule inaweza kuzigawa katika siku mbili au zaidi, ila AQA hutaka saa mbili za mwanzo zifuatane. Mara tu saa ya kwanza inapoanza, kazi ya maandalizi hufungwa. Mtahiniwa huingia nayo chumbani na kuitazama apendavyo, lakini haruhusiwi kuongeza mchoro wala kurekebisha ukurasa. Kati ya kipindi kimoja na kingine kila kitu hubaki shuleni chini ya kufuli.

Hapo ndipo wengi huteleza. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyechagua mada inayohusu maumbile ya juu ya vitu, akapanga kuchonga ubao wa kuchapia picha ya magome ya miti. Siku ya kwanza anatumia saa tano na kumaliza kuchonga. Usiku, akiwa nyumbani, anatambua kwamba hakuwahi kujaribu namna wino utakavyokaa juu ya karatasi aliyoichagua. Hawezi kufanya jaribio hilo nyumbani na kulileta kesho yake, kwa kuwa maandalizi yamekwisha kufungwa. Itambidi atumie sehemu ya saa tano zilizobaki kujaribu wino papo hapo. Akimwuliza mwalimu ni wino upi ungefaa, mwalimu hatamjibu. Anaweza kumsaidia kuhusu usalama wa kisu cha kuchongea au kumpatia vifaa, lakini si kuhusu ubora wa kazi. Laiti jaribio hilo lingefanywa mwezi Februari, lingemgharimu nusu saa tu, na tena lingehesabiwa miongoni mwa alama zake, kwani vigezo vinne vya usahihishaji vina uzito sawa: kuendeleza wazo, kuliboresha kwa kujaribu vifaa, kuweka kumbukumbu za uchunguzi, na kuwasilisha kazi iliyokamilika. Kazi nzuri ya mwisho isiyo na njia iliyoifikisha hapo hupoteza alama nyingi.

Njia hiyo ndiyo pia inayotumika kuthibitisha kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu hulinganisha kazi iliyokamilika na michoro iliyoitangulia, na pia na mkono anaoujua darasani. Mchoro uliokamilika ambao haukutanguliwa na rasimu hata moja huzua swali. Vivyo hivyo picha iliyochukuliwa mahali pengine bila chanzo chake kutajwa. Mwishoni mtahiniwa hutia saini tamko kwamba kazi ni yake, na mwalimu hutia yake kuthibitisha kwamba masharti ya usimamizi yalifuatwa. Mwalimu asiyeridhika hapaswi kutia saini, na kazi isiyothibitishwa haikubaliwi.

Saini ya mtahiniwa ina uzito ambao familia nyingi hawaufahamu. Kwa kanuni za JCQ, baraza la pamoja la bodi za mitihani, udanganyifu ukigunduliwa kabla mwanafunzi hajatia saini tamko lake, shule inaweza kulimaliza suala hilo kwa taratibu zake za ndani. Ukigunduliwa baada ya saini, shule inalazimika kuiarifu bodi, na adhabu hutoka huko. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye shaka kuhusu ukurasa wowote hana budi kusema kabla ya kushika kalamu.

Katika Muziki uthibitisho huwa mwepesi zaidi, kwa sababu sauti hurekodiwa. Mtahiniwa huwasilisha onesho la peke yake na la kikundi, yote mawili yakifikisha angalau dakika nne, na la kikundi lisipungue dakika moja. Anaweza kurekodi mara nyingi na kuchagua rekodi iliyo bora, lakini rekodi hiyo iwe ya mfululizo, isiyokatwa wala kuunganishwa. Sehemu yake katika kikundi isipigwe pia na mwenzake, la sivyo msahihishaji hatajua anamsikiliza nani. Dakika nne zipimwe kwa saa, kwani wimbo uliochukua muda huo mazoezini hufupika mtu anapoharakisha kwa hofu.

Kazi zote hizo husahihishwa kwanza na walimu wa shule. Kabla ya alama kupelekwa kwenye bodi, mwanafunzi ana haki ya kuambiwa alama alizopewa na kuomba zipitiwe upya, hivyo shule huweka tarehe zake za ndani mapema kuliko zile za bodi. Alama za Muziki hupelekwa mapema au katikati ya Mei, na za Sanaa ifikapo tarehe 31 Mei. Kisha mhakiki wa bodi huchagua sampuli ya kazi na kuzipima. Akiona walimu wamekuwa wakarimu kupita kiasi, alama za watahiniwa wa shule hiyo zinaweza kushushwa, hata za wale ambao kazi zao hazikuwa kwenye sampuli.

Shule za Nairobi na Dar es Salaam zinazofuata mtaala wa Cambridge hazitumii utaratibu huu wote. Katika IGCSE ya Sanaa na Ubunifu, kazi inayotolewa na bodi hufanywa kwa saa 8, sehemu zote mbili zina uzito sawa, na usahihishaji hufanywa na Cambridge wenyewe badala ya mwalimu wa darasa.