Usingizi mrefu si usingizi wa pono

Saa nane mchana, joto limetuama kati ya maduka ya Biashara Street. Muuza leso akisinzia juu ya robota, wenzake watasema ana usingizi wa pono. Msemo una asili yake baharini: usiku pono hujibanza penye matumbawe, na baadhi yao hujifunika utando wa ute wakalala humo hadi kuche. Lakini pono hupima kina cha usingizi, yaani ugumu wa kumwamsha mtu. Hatuambii mtu amelala kwa saa ngapi, wala kama ameamka na nguvu.

Watu wazima wengi hutoshwa na saa saba hadi tisa. Wapo ambao tangu utotoni miili yao hudai saa tisa, kumi au zaidi, na wakizipata huamka wachangamfu. Huo si ugonjwa. Ukiwaita "walalaji warefu", msomaji ataona watu wa kimo kirefu kitandani. Mimi nasema "mwenye usingizi mrefu", kwa kuwa kirefu hapa ni usingizi. Haipasomnia ni jambo jingine: mtu hulala saa nyingi, au za kutosha, na bado mchana macho hayafunguki. Hiyo naiita "usinziaji uliozidi".

Turudi kwa muuza leso wetu. Tuseme hulala saa sita usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi ili awahi kufungua duka, kisha Jumapili akalala kwa saa kumi na moja. Nyumbani ataitwa mvivu, ilhali analipa deni la wiki nzima. Muguka wa jioni huongeza deni hilo, kwani humnyima usingizi usiku na kumwacha mzito kesho yake. Piritoni ya mafua nayo husinziza.

Njia ya kubainisha ni daftari. Kwa wiki mbili za likizo, bila muguka, aandike saa aliyolala, saa aliyoamka, na hali yake saa nane mchana. Siku za mwanzo atalala sana, deni likilipwa. Baadaye akitulia kwenye saa tisa na nusu, na mchana yu macho, basi huo ndio usingizi wake. Alale saa mbili na nusu usiku, aamke kumi na mbili.

Akilala kwa saa kumi na bado anasinzia, daftari liende kwa daktari. Mkewe aulizwe kama hukoroma kisha pumzi ikakatika kidogo, kwani hapo usingizi hukatika mara nyingi bila yeye kujua. Na ikiwa saa zimeongezeka ghafla kwa mtu ambaye zamani zilimtosha saba, daktari ataangalia damu, tezi ya shingo na sonona.

Jamani, kabla ya kumwita mtu pono, muulizeni kwanza ameamkaje.