Filamu ya fumbo la mauaji

Filamu ya fumbo la mauaji ni filamu ya upelelezi ambamo mtu ameuawa, washukiwa ni wachache, na jina la muuaji hufichwa hadi karibu na mwisho. Wasomaji wa Kiswahili wameuzoea mtindo huu kupitia Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye alianza kuonekana katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960).

Kanuni ya haki

Mwaka 1929 mwandishi Mwingereza Ronald Knox aliorodhesha kanuni kumi za hadithi za aina hii. Kati ya hizo, mhalifu atajwe mapema, na mpelelezi asipate kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa. Katika filamu maana yake ni kwamba mtazamaji aone na asikie yote yanayohitajika kupata jibu, hata kama hatayatilia maanani.

Mfano: *Knives Out*

(Sehemu hii inataja muuaji.) Katika filamu hii ya Rian Johnson (2019), mwandishi tajiri Harlan Thrombey anakutwa amekatwa koo. Mapema tunaonyeshwa kuwa muuguzi wake, Marta, aliamini amemchoma sindano ya mofini nyingi kwa makosa, na Harlan akajiua ili kumkinga. Hiki ndicho kidokezo cha kupotosha. Ni cha haki kwa sababu picha haidanganyi: Marta aliamini hivyo kweli. Kilichokuwa cha uongo ni lebo za chupa, kwani dawa zilikuwa zimebadilishwa na Ransom, mjukuu wa Harlan.

Kidokezo cha kweli kinatolewa Marta anaposhuka ukutani usiku. Mama mzazi wa Harlan, aliye mkongwe sana, anamdhania ni Ransom na kumuuliza kama amerudi tena. Neno "tena" linaonyesha kwamba Ransom alikwisha pita hapo usiku huohuo. Mtazamaji analisikia wazi, lakini halipimi, kwa kuwa anahofia Marta asikamatwe. Hivyo kidokezo kimefichwa kwa kuwekwa pale ambapo mtazamaji anangoja jambo jingine.

Mahali haki inapovunjika

Alfred Hitchcock alilaumiwa kwa *Stage Fright* (1950), ambayo karibu na mwanzo inaonyesha tukio la zamani lililosimuliwa na mhusika mmoja. Baadaye inajulikana kwamba tukio hilo halikutokea. Tofauti na *Knives Out*, hapa kamera yenyewe imeonyesha uongo, na mtazamaji hakupewa njia ya kuushuku. Hitchcock mwenyewe alikiri baadaye kuwa lilikuwa kosa.

Njia ya kupima haki ya filamu ni kuitazama mara ya pili. Ikiwa vidokezo vilikuwapo tangu awali, na kila jambo lililopotosha lina sababu yake ndani ya hadithi, fumbo lilikuwa la haki. Ikiwa jibu linategemea jambo lililotajwa mwishoni tu, halikuwa la haki.