Mfumo wa hewa ya nje na feni koili: hesabu ya unyevu kwa hoteli ya Nzuguni

Katika mfumo huu kazi ya kupoza hoteli hugawanywa mara mbili. Mashine moja ya kati huvuta hewa ya nje, huichuja, huipoza hadi itoe maji, kisha huisambaza kwa dakti katika kila chumba. Feni koili iliyo ndani ya chumba huzungusha hewa ya humo humo na kushusha joto lake tu. Unyevu ni mzigo wa mashine ya kati, na ikipimwa vibaya feni koili haiwezi kuiokoa, kwa sababu vali yake hufunga mara tu chumba kinapofikia nyuzijoto iliyowekwa, hata kama shuka bado zina majimaji.

Nzuguni, kata ya Jiji la Dodoma yenye viwanja vya Nanenane na stendi kuu ya mabasi, iko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo kavu, na mvua zake huangukia hasa kati ya Desemba na Aprili. Joto kali zaidi huja Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, wakati hewa bado ni kavu. Kwa hiyo saa mbili tofauti ndizo zinazotawala hesabu. Feni koili hupimwa kwa alasiri ya Novemba. Mashine ya hewa ya nje hupimwa kwa usiku wa mvua wa Januari au Februari, wakati nje hakuna joto kubwa ila kiwango cha umande, yaani nyuzijoto ambayo mvuke huanza kugeuka maji, kiko juu. Mhandisi anayetumia saa ya Novemba kwa zote mbili atapata mashine ya kati iliyo ndogo mno.

Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 60, kila kimoja na wageni wawili. Feni ya bafu hutoa lita 15 za hewa kwa sekunde, nasi tunaingiza lita 20, ili ziada isukume hewa nje kupitia nyufa badala ya kuivuta ndani. Wageni wawili waliotulia, pamoja na taulo na mvuke wa bafu unaoponyoka, huongeza takribani gramu 0.05 za maji kila sekunde. Chumba kikitakiwa kukaa kwenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, kwa kanieneo ya Nzuguni hewa yake ina gramu 11.8 za maji katika kila kilo. Lita 20 za hewa ya huko zina uzito wa kilo 0.0208, basi hewa inayoingia lazima iwe kavu kuliko ya chumba kwa gramu 2.4 katika kila kilo, yaani ibaki na 9.4. Kiwango chake cha umande ni nyuzi 11, na hiyo ndiyo nyuzijoto ambayo koili ya kati lazima iifikie.

Tukikadiria umande wa nje kuwa nyuzi 19 usiku huo wa mvua, hewa inaingia na gramu 15.8. Mashine inatakiwa kutoa takribani lita 29 za maji kwa saa kwa hoteli nzima, sawa na kilowati 20 za joto fiche. Hoteli hiyo hiyo Dar es Salaam, kwa umande wa nyuzi 25, ingehitaji zaidi ya mara mbili, yapata lita 61. Mashine iliyonakiliwa kutoka pwani itakuwa kubwa mno Dodoma, itawaka na kuzima kila mara, na kila inapozima maji yaliyobaki kwenye koili hurudi hewani.

Kosa jingine liko katika namba zenyewe. Kanuni iliyozoeleka vitabuni huandikwa hivi:

Q = 3.0 × L/s × Δw

Q ni joto fiche kwa wati, na Δw ni tofauti ya gramu za maji katika kila kilo ya hewa. Namba 3.0 ni ya usawa wa bahari. Nzuguni, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13, ni 2.6. Ajabu ni kwamba umande unaohitajika kwenye koili haubadiliki, nyuzi 11 kotekote, kwa kuwa mvuke ulio katika lita moja hutegemea kanieneo ya mvuke wenyewe. Anayechanganya gramu za Nzuguni na 3.0 ya pwani ndiye anayekosea. Feni koili nayo hupoteza uwezo: kwa feni na mwendo ule ule, hubeba joto pungufu, hivyo jedwali la mtengenezaji lirekebishwe kabla ya kununua.

Dalili za kushindwa huonekana mapema. Koga hutangulia nyuma ya kabati na kwenye ukuta wa nje, na vioo hutoka jasho ilhali kirekebisha joto kinaonyesha nyuzi 24. Fundi apime kwanza nyuzijoto ya hewa itokayo kwenye koili ya kati, kabla haijapashwa tena. Ikiwa 14 badala ya 11, kosa ni maji ya baridi au koili. Ikiwa 11 na chumba bado ni chepechepe, apime lita zinazofika: dakti inayovuja au feni ya bafu inayovuta hewa zaidi ya iliyoletwa huingiza unyevu kupitia madirisha. Kama feni koili zilikusudiwa kubaki kavu, maji yao yasiwe chini ya nyuzi 15, kwa maana umande wa chumba chenyewe ni karibu 14.4. Beseni lenye maji chini ya feni koili hizo ni ushahidi kwamba mashine ya kati haifanyi kazi yake, au kwamba mgeni ameacha mlango wa roshani wazi mvua ikinyesha, jambo ambalo swichi ya mlango inayozima feni koili huzuia kwa gharama ndogo.